Bila Nazi, Ukiomba

Sentensi yenyewe niliiandika kwa Kiingereza, maana ndiyo kazi niliyopewa, lakini kila inaponirudia hunirudia kwa Kiswahili: Kinaweza kupikwa bila nazi, ukiomba. Maneno matano. Hunijia nikiwa nafua, nikiwa kwenye foleni ya benki, hata nikiwa nasali, Mungu anisamehe. Ukimpa mwalimu yeyote wa lugha aisahihishe ataipa alama zote. Haina kosa, na hilo ndilo linalonitesa.

Nina meza yangu Mwananyamala, ndani ya duka la steshenari, pembeni ya mashine ya fotokopi. Natafsiri nyaraka: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, barua za daktari za kutumwa kwa ndugu walioko nje. Kabla ya hapo nilifundisha Kiingereza sekondari, na ualimu haujanitoka hadi leo. Nikiona bango limeandikwa ovyo, mkono unaniwasha. Menyu za mahoteli ndizo zilizokuwa zinanichekesha kuliko vyote. Nilikuwa nazipiga picha na kuwatumia rafiki zangu, tunacheka siku nzima. Nalisema hili mapema ili nisije nikajifanya mnyenyekevu huko mbele. Nilijiona najua.

Siku moja akaja mezani kwangu mama mmoja mwenye mgahawa Mbezi Beach. Wageni wanaofikia kwenye hoteli za pwani walikuwa wameanza kumiminika kwake kutafuta chakula cha Kiswahili, naye alikuwa anawapokea vizuri, mpaka mgeni mmoja akavimba midomo kwa mchuzi wa samaki uliokuwa na kamba wa kusaga ndani. Mgeni yule alipona siku hiyo hiyo, lakini aliandika mtandaoni, na mama yule alikuwa amelisoma andiko lake mpaka amelikariri. Akaniambia anataka menyu mpya ya Kiingereza, kila chakula kielezwe kina nini ndani, ili mtu mwenye aleji ajue la kula na la kuacha.

Niliifurahia kazi ile. Nilijisomea kwanza, maana sikutaka kubahatisha. Nikajifunza kwamba karanga ni jamaa ya maharage na kunde, si ya korosho, kwa hiyo haitoshi kuandika neno moja la jumla ukadhani umezitaja zote mbili. Nikajifunza kwamba nazi ni kitu kingine tena, kwamba wengi wanaodhurika na karanga hula nazi bila taabu, ingawa wapo wanaoiepuka kwa woga tu. Nikajifunza ufuta, mayai, maziwa, ngano, kamba. Na nikajifunza jambo lililonitisha kidogo: kwamba mwenye mzio mkali hahitaji kula sahani nzima. Mwiko uliokoroga sufuria moja ukaingia nyingine unatosha kumfunga koo.

Kazi yenyewe niliifanyia ofisini kwa yule mama, chini ya feni, na mpishi akaitwa kutoka jikoni. Alikuwa mama mtu mzima kutoka kusini, upande wa Masasi, aliyekuja mjini na mumewe miaka mingi nyuma na akabaki baada ya mume kufariki. Alikaa kwenye ncha ya kiti, aproni yake kiunoni, mikono imetulia mapajani, kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Nilimwamkia, akaitikia, nikafungua daftari.

Tulienda chakula kimoja kimoja, na naweza kusema bila haya kwamba nilikuwa hodari. Nilizikamata karanga pale zilipokuwa zimejificha. Mishkaki ilipakwa karanga za kusaga kabla ya kuwekwa motoni, kitu ambacho hakuna mgeni angekijua kwa kuangalia. Rojo la kuku lilipewa uzito kwa karanga. Kisamvu, hilo sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Nazi nayo niliikuta kila mahali: kwenye wali, kwenye maharage, kwenye mchuzi wa papa, mpaka ndani ya maandazi ya asubuhi, maana unga wake ulikandwa kwa tui. Niliuliza habari za mafuta ya kukaangia. Niliuliza hata habari za kinu.

"Vipo viwili," mpishi alisema. "Cha karanga ni cha karanga tu. Cha viungo kipo mbali."

Tukafika kwenye mchicha.

"Mchicha una nini, mama?"

"Mchicha wenyewe, kitunguu, nyanya, chumvi. Na tui."

"Na karanga?"

"Kwenye mchicha ule? Hamna, mwanangu. Ule ni wa nazi."

Alisema kweli. Nikaandika. Halafu, kwa kujiona mwerevu, nikaongeza swali ambalo hakuna aliyenituma niulize. "Na akija mgeni hataki nazi, mnaweza kumpikia?"

"Tunampikia," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Mgeni hakosi cha kula."

Basi nikaandika: Kina nazi. Kinaweza kupikwa bila nazi, ukiomba. Sentensi ile ya pili ilikuwa zawadi yangu kwa yule mama mwenye mgahawa. Nilimsomea kwa sauti, akasema ndiyo maana alitaka mtu aliyesoma.

Hapa inabidi nieleze mimi ni nani. Nimezaliwa hapa hapa Dar, kwa watu wa pwani. Kwetu mboga ni ya nazi. Mboga isiyotiwa nazi tunaiita chukuchuku, ya kuchemsha kwa maji na chumvi, na hiyo anapewa mgonjwa au anakula mtu siku mambo yamembana. Kwa hiyo nilipoandika maneno "bila nazi," nilichokiona kichwani ni mchicha wa kuchemsha, mtupu. Mpishi wangu alikuwa mtu wa bara ya kusini, kwao karanga zinalimwa nyuma ya nyumba. Yeye aliposikia "bila nazi" aliona kitu kingine. Tulikaa tumetazamana, meza moja katikati yetu, kila mmoja ameridhika kwamba mwenzake ameelewa.

Menyu zilichapwa pale pale ninapofanyia kazi. Mwenye duka la steshenari alizipanga kwenye kompyuta yake, akachora na vialama: karanga iliyopasuka, kifuu cha nazi, kamba aliyejikunja. Tukazipiga laminesheni ili mchuzi usiziharibu. Zilipendeza mno. Niliiweka moja mezani kwangu kama cheti.

Jumamosi ya kwanza baada ya menyu kuanza kutumika, mwenye mgahawa alinialika chakula cha mchana nijionee. Nilivaa vizuri. Nilikaa meza ya pembeni, na nikiri kwamba sikuwa naangalia chakula bali watu wanavyosoma. Kwenye meza ya pili kutoka kwangu alikuwa ameketi mama wa kizungu, labda miaka hamsini hivi, pamoja na mumewe. Mume alichagua upesi akafunga menyu. Mama yule alisoma yote. Alikuwa anapitisha kidole kwenye vialama, mstari hadi mstari, taratibu, kama mtu anayesoma kwa ajili ya mtihani. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Akamwita mhudumu, dada mmoja mpole mwenye haraka zake, na dada yule Kiingereza kilikuwa kinampa shida. Akageuka akaniona. "Sista, hebu nisaidie. Wewe si ndiyo uliyeandika?"

Nikasogea. Mama yule akanipa mkono. Akaniambia kwamba hali karanga kabisa, hata chembe, kwamba amewahi kulazwa mara mbili kwa ajili hiyo tangu akiwa mtoto. Nazi daktari wake amemruhusu, akasema, lakini akiwa safarini anaogopa kujaribu vitu, kwa hiyo mchicha atauomba bila nazi, kama menyu inavyosema. Akaniuliza kama mchicha una karanga.

"Hauna," nikamwambia. "Nilimuuliza mpishi mwenyewe."

Akanishukuru. Akasema tangu ameingia nchini hii ndiyo menyu ya kwanza kumpa amani.

Nikamgeukia mhudumu. Alikuwa na meza nyingine tatu zinamsubiri, kalamu iko tayari juu ya karatasi. Nami nikamwambia hivi, neno kwa neno, maana nimelirudia mara nyingi kuliko dua yoyote: "Anaomba mchicha bila nazi, na wali mweupe wa maji, na samaki wa kuchoma."

Basi. Habari ya karanga sikuisema. Sikuisahau, ningesahau ingekuwa nafuu. Niliiacha kwa kufikiri. Nilijiambia mchicha hauna karanga, samaki hana karanga, wali hauna karanga, sasa ya nini kumchanganya dada wa watu na jikoni nzima kwa maneno marefu? Mfasiri mzuri hapotezi muda wa watu. Nilitafsiri ombi, nikaiacha sababu.

Chakula kikaja. Nilikiona. Mchicha ulikuwa mzito, umeshikana vizuri, unang'aa kidogo kwa juu, na mimi, mtoto wa pwani, niliutazama nikasema moyoni: mpishi huyu fundi kweli, hata bila nazi mboga yake imetulia. Nikarudi kwenye sahani yangu.

Sijui zilipita dakika ngapi. Kwanza nilisikia kikohozi, kile cha mtu anayetoa kitu kooni kwa adabu. Halafu kingine. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshika shingo, na ngozi ya shingo imetoka mabaka mekundu yaliyopanda mpaka masikioni. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba. Alimwambia mumewe kitu, lakini sauti haikutoka, ilitoka kama pumzi tu. Mume alikuwa ameshauangusha mkoba chini, anatafuta. Akatoa sindano ya kalamu, ile ya dharura wanayobeba wenye mzio, akamchoma pajani, juu ya nguo hivyo hivyo, akaishikilia pale akihesabu kwa mdomo. Kisha akamlaza chini sakafuni, akaweka miguu yake juu ya kiti.

Mtu alisema gari, mwingine akasema maji, na mume akakataa maji kwa mkono. Mpishi alitoka jikoni anajifuta mikono kwa aproni, akasimama mlangoni.

"Kwani amekula nini?" akauliza.

"Ule mchicha bila nazi," mhudumu akamjibu.

"Mchicha si wa kumdhuru mtu," mpishi akasema. "Nimemtilia karanga, nimezitwanga mwenyewe asubuhi. Walisema hataki nazi. Sasa mie ningempaje mgeni chukuchuku?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeeleza wema wake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya yule mama, nimeshika kiatu chake, sijui kwa nini nilikuwa nimeshika kiatu. Niliyasikia yale maneno, nikakiachia.

Mume akanitazama. Hakuelewa Kiswahili lakini alijua kwamba jambo limesemwa. Mwenye mgahawa akaniinamia sikioni. "Subiri kwanza," akaninong'oneza. "Usiseme la karanga. Tuseme hatujui, daktari atajua mwenyewe."

Nitasema ukweli. Nilitamani kumtii. Kwa muda wa pumzi moja au mbili nilitamani sana, maana maneno yale yalikuwa yanipite mimi, yatoke kwa mdomo wangu ule ule uliosema hauna. Halafu mama yule akavuta hewa, na hewa ikapiga mluzi kooni, nami nikamgeukia mumewe nikatafsiri kila kitu. Nikasema mpishi ameweka karanga. Nikasema ameweka kwa sababu nilimwambia bila nazi. Nikasema sikumwambia kwa nini. Mume alitoa sindano ya pili, akamchoma paja la pili.

Nilikwenda nao hospitali kwenye gari la mwenye mgahawa, nimekaa mbele, naeleza njia ambayo dereva anaijua. Hospitalini niliwaambia madaktari kile alichokula na saa aliyokula. Wakamwekea hewa na dripu, sindano nyingine, na baada ya saa moja akaweza kuzungumza. Mume akalia kidogo, ameuelekea ukuta. Nikadhani yamekwisha, nikatoka nje kuvuta upepo. Daktari alikuwa amesema watamshikilia mpaka kesho yake, kwa sababu kitu hiki huweza kurudi bila mtu kula tena, na mimi nilichukulia ni tahadhari za madaktari. Karibu na magharibi kikarudi. Niliwaona wauguzi wanatembea haraka, wale wasiokimbia kamwe. Nilikaa kwenye benchi la korido nikijaribu kusoma aya yoyote, na aya haikuja. Kilichokuja ni sentensi yangu. Kinaweza kupikwa bila nazi, ukiomba. Ilianza siku ile.

Alipona. Kesho yake mchana alikuwa amekaa kitandani. Sikuingia chumbani, nilimwona kupitia mlango.

Wiki kadhaa baadaye mwenye mgahawa alinitumia barua pepe iliyotoka kwa yule mama wa kizungu, ili nimtafsirie. Haikuwa na matusi. Aliandika kwamba amefika kwao salama, kwamba hataki kumshtaki mtu. Akaeleza kwamba kwenye safari zake huwa haamini menyu, hula ndizi na mikate ya pakiti, lakini ile aliiamini kwa sababu ilionekana imeandikwa na mtu anayejali. Niliitafsiri barua ile yote, sikuacha hata nukta. Halafu nilikwenda chooni uani kwetu, nikafungulia bomba ili watoto wa mpangaji wasinisikie.

Mpishi alifukuzwa kazi. Niliposikia nilimpigia mwenye mgahawa nikamwambia kosa si lake, ni langu, akanijibu kwamba mimi si mfanyakazi wake, hawezi kunifukuza. Basi nikaenda kumtafuta mpishi mwenyewe. Alikuwa anakaa Temeke, chumba na sebule, nyuma ya soko. Nilibeba sukari na sabuni, maana sikujua mtu anayekwenda kuomba msamaha wa namna ile abebe nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, kaa." Alinipa mkeka, yeye akakaa kwenye kigoda. Hakuniuliza nimefuata nini. "Yule mama wa watu amepona?"

"Amepona. Amesharudi kwao."

"Mungu ashukuriwe." Akapanga kanga yake magotini. "Nilikuwa nataka nikuulize kitu, maana kila nikilala nakiona. Siku ile ulipomtuma yule dada jikoni, wewe ulikuwa unajua karanga zinamdhuru?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tu. "Ungeniambia," akasema. "Mie sikusoma, sijui hayo maaleji yenu. Najua mtu anachagua, huyu hataki hiki, yule hataki kile, namtafutia mbadala. Lakini ungenambia kwamba zinamuua, ningempa chukuchuku. Ningempa chukuchuku kwa moyo mmoja, na nisione haya."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na akasema tena, ili niondoke nikiwa nimesikia. Alinipikia chai. Wakati nakunywa niliona kinu kwenye kona, kimegeuzwa mdomo chini, mchi umelazwa juu yake. Aliona ninapoangalia.

"Sijatwanga tena tangu siku ile," akasema. "Mkono unakataa."

Nilijua kwamba mimi pia kuna kitu kingenikataa, sikujua bado ni kipi.

Nilikijua miezi michache baadaye. Ilikuwa asubuhi, niko mezani kwangu nagonga mhuri, na mwenye duka la steshenari anapanga kurasa kwenye kompyuta yake huku anapiga mluzi. Niligeuka nikaona kwenye kioo cha kompyuta karanga yangu iliyopasuka na kifuu changu cha nazi.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Menyu yako, dada. Kumbe hukujua?" Alifurahi kunipa habari. "Imependwa hiyo. Nimeshawachapia wateja wengi. Nabadilisha jina tu hapo juu, na vyakula viwili vitatu, mengine naacha kama yalivyo. Kiingereza chake kimenyooka."

Nikamuuliza ni wangapi. Hakumbuki. Nikamuuliza ni akina nani. Wengine walikuja wenyewe, wengine alitumiwa namba akawarushia faili kwa simu, nao wakalirusha kwa wenzao. Nikamwomba afungue ukurasa wa mboga. Sentensi ilikuwepo, imekaa mahali pake, haina kosa. Yule mama mwenye mgahawa Mbezi alikuwa ametupa menyu zake zote siku ile ile ya hospitali, na mimi nilidhani kwa kutupwa zile, sentensi nayo imekufa. Kumbe ndiyo iliyokuwa inanikataa: haikubali kufa.

Siku hiyo tuliandika upya. Niliandika kwamba nazi ikiondolewa, jikoni wanaweza kuweka karanga. Niliandika kwamba mwenye mzio amwambie mhudumu sababu ya ombi lake, siyo ombi peke yake, na kwamba mhudumu aifikishe kwa mpishi. Mwenye duka aliona ni maneno mengi mno kwa menyu, lakini aliniona uso akayapanga yote. Hiyo ndiyo anayochapa sasa. Za zamani zimebaki huko zilikokwenda. Tulizipiga laminesheni nzuri, haziharibiki.

Tangu hapo nazitafuta. Mwenye akili timamu angeniambia niache, na dada yangu ameshaniambia. Nikiwa na nafasi nachagua mtaa, naingia mgahawa, naomba menyu kabla sijakaa. Nyingi si zangu. Nikiipata yangu, naisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. Namwita mwenye mgahawa, namweleza. Wapo wanaonisikiliza, wapo wanaodhani nimetumwa na washindani, mmoja alinitoa nje kwa adabu na soda mkononi. Mkobani nabeba kalamu ya wino mzito, ile inayoshika kwenye plastiki.

Mwezi uliopita niliingia mgahawa mmoja wenye ua wa mchanga, mbele kidogo ya Mbezi, nyuma ya hoteli za pwani. Mhudumu alikuwa mama wa makamo, mcheshi, ana kitambaa cha jikoni begani. Menyu ilikuwa yangu. Hata harufu ya plastiki niliijua. Mara hii sikutaka kumwita mwenye mgahawa kwanza, nilitaka kusikia kwa masikio yangu.

"Mchicha huu nikiuomba bila nazi, mnautia nini?" nikamuuliza.

"Ngoja nikakuulizie." Akaenda jikoni, akarudi anatabasamu. "Usiwe na wasi, dada. Mpishi kasema hawezi kukupa chukuchuku. Anakutilia karanga."

Jibu hilo nilikuwa nalijua. "Na mgeni wa nje akiuomba hivyo, huwa mnamuuliza kwa nini hataki nazi?"

Alinishangaa kidogo. "Kumuuliza mgeni sababu? Si adabu hiyo. Mtu kasema hataki, basi."

Ndivyo na mimi nilivyolelewa. Nikatoa kalamu. Nikamwambia mimi ndiye niliyeiandika menyu hii, ina kasoro, naomba aniletee zote nizirekebishe. Nadhani aliona nimeanza kulia, maana hakubisha. Alizileta zimebebana kifuani, kama ishirini hivi, akaziweka mezani, akasimama kunitazama. Niliandika ya kwanza. Niliandika ya pili. Herufi zilisomeka.

Nikiwa kwenye ya tatu nikasikia mchi jikoni. Unatwanga taratibu, kitu kikavu, cha mafuta.

"Mwambie aache," nikamwambia mhudumu. "Sihitaji mchicha tena."

"Hiyo si ya kwako, dada," akasema. "Ni ya wale wageni wawili wa pale uani. Na wenyewe wameomba bila nazi."

Nikamwomba akamzuie mpishi, kisha nikaweka kalamu chini, nikaenda kuwauliza kwa nini.